Wazi kwa Nani?

Mtu aliyemwona Asha akishuka kwenye basi pale stendi atasema, "Asha amefika." Aliye nyumbani, ambaye hajapigiwa simu wala hajamwona mtu, ila akitazama saa anajua basi la Tanga huwa limeshaingia, atasema, "Bila shaka Asha ameshafika." Ukiyapima maneno yao, wa pili ndiye aliyetumia mazito zaidi, na wa pili ndiye asiye na habari.

Katika mazungumzo jambo hili halina madhara. Sote tunajua kwamba "bila shaka" ya namna hiyo maana yake ni "nakisia". Mgeni akikaribishwa kwa "bila shaka umechoka na safari", anaelewa kwamba mwenyeji anakadiria tu, naye yuko huru kujibu kwamba hajachoka hata kidogo. Madhara huanza pale maneno yale yale yanapohamia kwenye maandishi ya kushawishi: tahariri ya gazeti, hotuba ya mgombea, tasnifu ya mwanafunzi, andiko la kuomba fedha za mradi, hoja za wakili. Huko hayasomwi tena kama kukisia. Yanasomwa kama uthibitisho, na msomaji hayuko mbele ya mwandishi aweze kumkatiza na kumuuliza.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno haya ya mkazo, na kila kundi lina namna yake ya kumbana msomaji. Yako yanayodai kwamba jambo linaonekana lenyewe: ni wazi kwamba, ni dhahiri, dhahiri shahiri. Yako yanayoita umati uje kusimama nyuma ya msemaji: kila mtu anajua, hakuna asiyefahamu, si siri tena. Mengine hufunga mlango wa mabishano kabla hata mtu hajagonga, kama "ukweli usiopingika" na "hilo halina mjadala". Makali kuliko yote ni yale yanayotia aibu, ambapo tunaambiwa kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu analiona jambo hilo, au kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Hapo msomaji haambiwi sababu ya kukubali. Anaambiwa atakavyohesabiwa akikataa.

Tazama kinachotendeka ndani ya sentensi ya namna hiyo. Kwa kawaida anayetoa dai ndiye mwenye kazi ya kulithibitisha. Nikisema daraja la mtoni limechoka na linaweza kuanguka, ni juu yangu kuonyesha nguzo iliyopasuka. Lakini nikisema "ni wazi kwamba daraja limechoka", nimekutupia wewe ile kazi. Sasa wewe ndiye unayepaswa ama kuuona huo uwazi, ama kueleza kwa nini huuoni. Dai lenyewe halikuongezewa hata chembe ya ushahidi, maana nguzo bado haijaonyeshwa. Kilichobadilika ni gharama ya kuuliza: kabla ya neno "wazi" swali lako lingekuwa swali la kawaida tu, na baada yake linakuwa kukiri kwamba kuna kitu wenzako wamekiona na wewe hujakiona.

Wengi hatupendi kukiri hivyo, hasa mbele ya watu. Ndiyo maana maneno haya hufanya kazi vizuri zaidi kwa msomaji mnyenyekevu, yule anayedhani kwamba asipoelewa basi kosa ni lake. Mwanafunzi wa chuo anayesoma kitabu cha mtaalamu na kukutana na "kama inavyoonekana wazi" atarudia ukurasa mara tatu, kisha atasonga mbele kimya akiamini kwamba akili yake ndiyo haijafika. Anaweza kuwa amefika penye pengo halisi, mahali ambapo mwandishi aliruka hatua, naye akapita bila kujua kwamba amelikuta.

Kuna mtu mmoja aliyekutana na pengo la namna hiyo na hakukubali kupita. Nathaniel Bowditch alizaliwa mwaka 1773 mjini Salem, katika jimbo la Massachusetts, mji ule ule ambao baadaye meli zake zilileta vitambaa vya merikani Unguja na kuchukua pembe na sandarusi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi kwa sababu ya umaskini wa kwao, akajifundisha hisabati, Kilatini na Kifaransa, akawa baharia, na mwaka 1802 akatoa kitabu cha uongozaji wa meli ambacho manahodha wa Marekani wamekitegemea kwa vizazi. Kisha akajitwika kazi nzito: kutafsiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, kuhusu mienendo ya sayari na miezi.

Laplace alikuwa na mazoea ya kuandika kwamba jambo fulani ni rahisi kuliona, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwenye jibu. Bowditch alieleza kwamba kila alipokutana na maneno hayo alijua ana saa kadhaa, pengine siku nzima, za kazi ngumu kabla ya kugundua jinsi jambo lenyewe linavyoonekana. Alifanya kazi hiyo na matokeo yake akayaweka wazi chini ya kila ukurasa, kwa maelezo ya hatua baada ya hatua. Juzuu nne za tafsiri hiyo zilitoka kati ya 1829 na 1839, ya mwisho baada ya yeye kufariki, na kuna kurasa nyingi ambako maelezo yake ni marefu kuliko matini ya Laplace aliyo juu yake.

Kwa Laplace lawama ni ndogo, kwa kuwa kwa sehemu kubwa hesabu zake zilikuwa sahihi na Bowditch aliweza kuzijaza. Maneno yake ya mkazo yaliwaibia wasomaji muda. Yapo mazingira mengine ambako mbele ya "ni wazi" hakuna hatua zilizorukwa. Hakuna kitu kabisa, na ukichimba siku nzima hutakuta hesabu. Mfano mkubwa wa hali hiyo katika karne hii uko kwenye nyaraka mbili za serikali ya Marekani za Oktoba 2002, na ninaurejea kwa sababu nyaraka zote mbili baadaye zililinganishwa kwa makini, neno kwa neno.

Mashirika ya ujasusi ya Marekani yalikuwa yameandaa tathmini ya siri kuhusu silaha za Iraki, yenye kurasa zaidi ya 90. Siku chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, ukatolewa waraka mfupi kwa umma, uliojengwa juu ya kazi hiyo hiyo, wakati Bunge lao likijiandaa kupiga kura juu ya vita. Mwaka 2004 Kamati ya Seneti inayosimamia ujasusi iliweka nyaraka hizo sambamba. Katika waraka wa siri majasusi waliandika mara kwa mara kwamba "tunakadiria" au "kwa maoni yetu" Iraki inaendelea na mipango yake ya silaha. Katika waraka wa umma maneno hayo yalikuwa yameondolewa. Kilichobaki ni kwamba Iraki inaendelea na mipango hiyo, basi.

Mahali pamoja panatosha kuonyesha uzito wa kalamu hiyo. Waraka wa siri ulipofika kwenye akiba ya sumu za kemikali, ulianza kwa kukiri kwamba majasusi walikuwa na taarifa chache mahsusi juu ya akiba hiyo. Baada ya kukiri ndipo ulipotoa makadirio: kwamba huenda Saddam alikuwa na angalau tani 100, na kwamba yawezekana zikafika 500. Waraka wa umma ulibakiza makadirio ya tani mia kadhaa na ukaacha ile sentensi ya kukiri. Msomaji wa siri alijua kwamba tarakimu zile zimejengwa juu ya taarifa chache. Mwananchi aliona tarakimu, na tani huwa na sura ya kitu kilichopimwa kwenye mizani.

Kisha kulikuwa na mirija ya alumini. Iraki ilijaribu kununua maelfu ya mirija hiyo nje ya nchi, na shirika la CIA likasema ni ya mashinepewa za kurutubisha urani kwa ajili ya bomu la nyuklia. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao ndio wenye ujuzi wa mashine hizo, walisema kwamba vipimo vya mirija havifai kwa kazi hiyo na vinalingana na vya maroketi ya kawaida ya milimita 81 ambayo Iraki ilikuwa ikiyatengeneza miaka mingi. Kitengo cha ujasusi cha Wizara ya Mambo ya Nje nacho kilipinga, na kikaandika kwamba ushahidi uliopo haujengi hoja ya kutosha. Pamoja na hayo, tarehe 8 Septemba 2002, mshauri wa usalama wa taifa Condoleezza Rice aliuambia umma kupitia televisheni kwamba mirija ile kwa kweli inafaa kwa mpango wa nyuklia tu. Na waraka wa umma wa Oktoba ulidai kwamba wataalamu wote wa ujasusi wanakubaliana kwamba Iraki inatafuta silaha za nyuklia, ukaongeza kwamba "wengine" wana maoni tofauti juu ya matumizi ya mirija, pasipo kutaja kwamba hao wengine ndio wanaozijua zaidi mashine zenyewe.

Hapo maneno ya umati na maneno ya kufunga mjadala yanafanya kazi bega kwa bega. "Wote wanakubaliana" inamwambia mbunge kwamba akisita atakuwa peke yake. "Tu" inamwambia kwamba hakuna maelezo mengine ya kutafuta. Makamu wa Rais Dick Cheney alikuwa amekwisha kutangulia tarehe 26 Agosti, akiwaambia maveterani wa vita kwamba hapana shaka Saddam ana silaha za maangamizi. Na tarehe 5 Februari 2003 waziri Colin Powell alilihakikishia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba anayoyasema si madai bali ni mambo ya hakika, yaliyosimama juu ya vyanzo imara. Habari yake kuhusu maabara za silaha zinazotembea juu ya malori ilitokana kwa sehemu kubwa na mkimbizi mmoja wa Kiiraki aliyekuwa mikononi mwa majasusi wa Ujerumani. Mwaka 2011 mtu huyo alikiri mwenyewe kwa gazeti la Guardian la Uingereza kwamba aliitunga.

Vita vilianza Machi 2003. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani wenyewe, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza kwamba akiba ya silaha za kemikali ambayo Iraki haikuitangaza iliharibiwa mwaka 1991 na hakuna dalili kwamba ilijengwa upya.

Sisemi kwamba maneno ya mkazo peke yake yalianzisha vita. Hata ile tathmini ya siri ilikuwa na makosa makubwa, na Kamati ya Seneti ilisema hivyo. Nasema jambo moja linaloweza kuonwa kwenye karatasi: ushahidi haukuongezeka kati ya waraka wa siri na waraka wa umma. Yaliyobadilika ni maneno yanayozunguka ushahidi. Maneno ya kukadiria yalitoka, ya yakini yakaingia, na wabunge wengi waliopiga kura tarehe 10 na 11 Oktoba pamoja na raia waliowatuma walikuwa na yakini kuliko ile waliyokuwa nayo majasusi wenyewe. Kama "tunakadiria" ingebaki mahali pake, mtu angeweza kuuliza: mnakadiria kwa kutumia nini? Ilipoondolewa, swali hilo halikuwa na pa kushika.

Watu wa mahakama wameijua hatari hii zamani, na taratibu zao zimejengwa kuikwepa. Muuzaji wa mbuzi anaweza kuapa "wallahi" mara saba kwamba mnyama wake hana ugonjwa, na kadiri anavyozidi kuapa ndivyo mnunuzi mzoefu anavyozidi kuchungulia meno na kupapasa mbavu. Katika mahakama za kadhi, Zanzibar na Kenya, kanuni ya msingi ni kwamba anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na kiapo ni cha yule anayekana. Mdai hawezi kuja na ukali wa kauli badala ya mashahidi. Sheria za ushahidi za Tanzania na Kenya nazo zinamtaka anayedai kuwapo kwa jambo fulani alithibitishe mwenyewe. Hakuna mahali ambapo hakimu anaruhusiwa kuandika kwamba amelikubali dai kwa kuwa lilisemwa kwa yakini kubwa.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Lance Long na William Christensen, walijaribu kupima kama mazoea hayo yanawasaidia mawakili. Walihesabu maneno kama "wazi", "dhahiri" na "sana" katika hoja za maandishi za kesi za rufani, kisha wakatazama nani alishinda. Kwa jumla, mrufani aliyezidisha maneno hayo alielekea kushindwa zaidi. Walikuta pia jambo ambalo hawakulitarajia: hakimu ambaye mwenyewe huandika kwa maneno mengi ya mkazo, mbele yake mrufani mwenye mtindo huo hakudhurika, bali alielekea kufanikiwa. Kuhesabu maneno hakuwezi kusema kipi kilimtangulia mwenzake. Inawezekana kabisa kwamba wakili mwenye kesi dhaifu ndiye anayekimbilia "ni dhahiri" kwa kuwa hana kingine cha kuandika, na kwamba angeshindwa vyovyote vile. Mimi naelekea upande huo, kwa sababu ndivyo ninavyoyaona maneno haya katika maandishi ya watu wengine: hujikusanya pale hoja inapokonda. Aya yenye takwimu na majina ya mashahidi huwa haina haja nayo.

Jambo hili linaweza kuonekana karibu zaidi, kwenye maandishi tunayokutana nayo kila wiki. Nimetunga barua fupi kwa mhariri, lakini kila msomaji wa magazeti ataitambua sauti yake:

"Ni wazi kwamba simu ndizo zilizoporomosha matokeo ya kidato cha nne katika shule yetu ya kata. Kila mzazi analijua hilo. Mtu yeyote mwenye akili timamu hawezi kupinga kwamba dawa pekee ni kupiga marufuku simu kwa wanafunzi, shuleni na nyumbani."

Fanya kwanza kazi ya mkasi. Toa "ni wazi kwamba", toa "kila mzazi analijua hilo", toa "mtu yeyote mwenye akili timamu hawezi kupinga". Zimebaki kauli tatu: matokeo yameporomoka, simu ndizo zilizosababisha, marufuku ndiyo dawa. Hesabu sababu zilizotolewa kwa kila kauli. Hakuna hata moja. Zaidi ya theluthi moja ya barua ilikuwa msukumo mtupu.

Sasa weka "kwa sababu" mwishoni mwa kila kauli, uone kama kalamu inaendelea. Ya kwanza inaweza kuendelea, maana matokeo ya mitihani ya taifa hutangazwa kwa kila shule na mwandishi angeweza kuyafuata miaka mitano nyuma. Akifanya hivyo huenda akakuta yameporomoka kweli, huenda akakuta ni mwaka mmoja tu uliokuwa mbaya. Ya pili ni ngumu. Ili mtu aseme simu ndizo zilizosababisha, anahitaji kujua kama kushuka kulianza simu zilipoenea au kabla, na kama shule ya kata jirani, yenye vijana wenye simu vilevile, nayo imeshuka. Anahitaji pia kuuliza ni nini kingine kilibadilika: idadi ya wanafunzi kwa darasa, walimu waliohama, somo lililokaa mwaka mzima bila mwalimu. Ya tatu inaning'inia juu ya ya pili, na ina mzigo wake wa ziada, kwamba marufuku ya nyumbani inawezekana kutekelezwa.

Tuseme mwandishi amefanya kazi hiyo, na tuseme alichokikuta ndicho hiki. Barua yake ingesomeka hivi:

"Matokeo ya kidato cha nne katika shule yetu yamekuwa yakishuka kwa miaka mitatu mfululizo, kama orodha za Baraza la Mitihani zinavyoonyesha. Walimu wawili wa zamu ya jioni wameniambia kwamba vijana wengi hutumia muda wa kujisomea wakiwa kwenye simu, nami nimeliona hilo kwa mwanangu. Nadhani simu zina sehemu katika kushuka huku. Lakini katika kipindi hicho hicho mwalimu wa hisabati alihama na nafasi yake ikakaa wazi, na hisabati ndiyo iliyoshuka zaidi. Naomba bodi ya shule ilitazame hilo la mwalimu kwanza."

Ona kilichotokea. Barua ya pili ina "nadhani", ina "sehemu", na haimtishi mtu. Bado inashawishi zaidi, kwa sababu inampa msomaji vitu vya kushika: orodha anayoweza kuitafuta, walimu anaoweza kuwauliza, somo analoweza kulifuatilia. Anayepinga ana pa kuanzia. Na mwandishi mwenyewe, kwa kulazimika kuandika "kwa sababu", amefika kwenye ombi tofauti na lile alilokuja nalo. "Ni wazi" ilikuwa imemficha hata yeye, na kwangu hapa ndipo penye hasara kubwa. Maneno haya hayamdanganyi msomaji peke yake. Humpa anayeandika hisia kwamba amekwisha kufikiri, akaiweka kalamu chini mapema.

Si kila "wazi" ni ya kufutwa. Ukishaweka ushahidi mezani, ukasema "kwa hiyo ni wazi kwamba", unamwonyesha msomaji mahali pa kujumlisha, na yeye anaweza kurudi juu kuhakiki. Mwalimu akisema "ni wazi kwamba pembe hizi mbili zinalingana" huku akizigusa ubaoni, uwazi upo kweli mbele ya macho. Na yapo mambo ambayo mwandishi na wasomaji wake wamekwisha kukubaliana, ambayo kuyathibitisha upya kungewachosha bure. Mtu anayeandikia wavuvi wa Kilwa hana haja ya kuthibitisha kwamba bamvua huja na maji makubwa. Ila akiandika hivyo kwa wasomaji wa bara, itampasa kulieleza. Hivyo swali la kuliuliza neno "wazi" popote linapojitokeza ni fupi: wazi kwa nani, na kwa kuonyeshwa nini?

Mwandishi anayetaka kujikagua anaweza kufanya hivi leo. Fungua andiko lako kwenye simu au kompyuta, utafute "wazi", kisha "dhahiri", "shaka", "kila mtu", "hakuna asiye", "ukweli usio", "kabisa". Kila unapokuta moja, lifute na usome sentensi iliyobaki. Ikiwa imesimama vizuri bila neno hilo, liache limefutwa. Ikiwa imeyumba, usilirudishe, andika sababu. Ikiwa sababu huna, andika "nadhani" au "huenda", na usione aibu, kwa maana hiyo ndiyo hali halisi ya ujuzi wako siku hiyo. Ukiona hata "nadhani" ni nyingi mno kwa jambo hilo, ifute sentensi nzima. Mwanzoni kazi hii inauma, kwa sababu andiko hupungua urefu na sauti yake hushuka. Lakini anayelipima andiko kwa uaminifu, awe mhariri, msimamizi wa tasnifu au hakimu, hupima kilichobaki.

Wahariri nao wana wajibu wao. Ripota akileta habari kwamba "wataalamu wanakadiria", kichwa cha habari kisigeuze kukadiria kuwa hakika ili kipate nguvu. Chanzo kikisema "huenda", neno hilo ni sehemu ya habari sawa na jina la mji na tarehe.

Nawe msomaji, una haki ya kuuliza. Mgombea akisema jukwaani kwamba kila mtu anajua nani aliyekula fedha za maji, muulize hesabu iko wapi na nani aliikagua. Mtaalamu akikuandikia kwamba ni dhahiri, mwandikie umwombe hatua alizoziruka. Na ukikutana na neno la namna hiyo katika gazeti hili, likiwa limesimama bila ushahidi nyuma yake, tuandikie, utaje ukurasa na sentensi, na utudai sababu.